Fuawe Juu ya Ziwa

Picha iliingia kwenye simu yangu saa 1:10 asubuhi, siku moja ya mwezi Mei, kutoka kwa mpwa wangu aliyeko Bukoba. Ziwa Viktoria limetulia, kisiwa cha Musira kiko mbele, na mbali zaidi, upande wa mashariki, limesimama wingu moja kubwa. Chini ameandika: "Shikamoo mjomba. Tuanike kahawa?"

Wingu lilikuwa jeusi tii, na nadhani ndicho kilichomtia wasiwasi. Mimi weusi ule niliupuuza. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza nyuma yake, na wingu zito likikaa kati yako na jua huonekana jeusi hata kama halina mvua. Nilichokitazama ni umbo.

Kilele chake kilikuwa bapa, kimetandaa kuelekea kwetu kama fuawe ya mhunzi. Hilo ni wingu la radi, ambalo wataalamu huliita kumulonimbasi. Hewa yenye joto na unyevu hupanda kwa kasi mpaka ifike mahali ambapo hewa ya juu yake haiendelei kupoa. Hapo hukosa nguvu ya kupanda zaidi, ikasambaa pembeni kama moshi wa jikoni uliogonga dari. Huku kwetu karibu na ikweta, dari hilo huwa kilomita 15 hivi kutoka ardhini, na mara nyingine zaidi.

Lakini fuawe hueleza tu kwamba wingu limewahi kufika juu. Haielezi kama bado lina nguvu. Kwa hilo hutazamwa mabega yake, pale chini ya ubapa. Yakiwa na mafundo yenye kingo kali, kama ua la koliflawa, hayo ni matone ya maji na hewa ingali inapanda. Yakiwa yamefifia na kuchanika nyuzinyuzi kama pamba iliyochambuliwa, maji yamegeuka chembe za barafu na wingu linazeeka. Nilikuza picha: bega la kushoto lilikuwa limejaa mafundo.

Je, lingekuja Bukoba? Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo pepo hutoka kandokando zikakutana ziwani, hewa ikakosa njia isipokuwa kupanda. Ndiyo sababu ngurumo za ziwani ni za usiku na alfajiri. Kisha upepo mkuu wa mashariki huyasukuma mawingu hayo magharibi. Bukoba hupata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi hunyesha asubuhi. Musoma, ng'ambo ya mashariki, hupata pungufu kwa mbali.

Kilichobaki kilikuwa umbali, na hapo picha haisaidii. Lenzi pana ya simu hufanya vitu vionekane vidogo na vya mbali kuliko vilivyo. Nikamwambia anyooshe mkono mbele, akunje ngumi, apime toka usawa wa maji hadi kilele, palepale juu ya shina la wingu. Asipime ukingo wa fuawe, maana huo hutangulia na unaweza kuwa juu ya kichwa chako huku mvua ingali mbali. Ngumi moja ni kama nyuzi 10. Akajibu: ngumi mbili. Kwa kilele cha kilomita 15, hizo ni kilomita 40 hivi.

Kipimo kimoja hakitoshi. Jua likishapanda, nchi kavu hupata joto na mkutano wa pepo ziwani hulegea. Mawingu mengi hufa kabla ya kufika ufukweni, yakabakiza fuawe inayoelea bila shina. Nikamtaka picha nyingine saa 1:40. Safari hii ngumi zilikuwa tatu, yaani kilomita 26, na mafundo yalikuwa bado makali. Lingeweza kuwa limerefuka tu pasipo kusogea, ila chini ya wingu lilikuwa limeshuka pazia la kijivu lililoufuta mstari wa maji na anga nyuma ya Musira. Hiyo ni mvua, tena inakuja. Kilomita 14 kwa nusu saa: ingefika kama saa 2:30.

"Msianike," nilimwandikia, "na kama kuna mitumbwi, ivutwe sasa hivi." Hewa baridi inayoporomoka pamoja na mvua hukimbia mbele yake, na upepo huo ndio unaopindua mitumbwi wakati mvua yenyewe haijagusa maji.

Upepo ulifika saa 2:10, mvua saa 2:20. Nilikosea dakika kumi. Saa 5 jua likawaka, wakaanika.