Modi ni programu kamili: kanuni za kompyuta za klabu

Juni 2023, wachezaji wa Minecraft waliopakua modi kutoka CurseForge, tovuti kubwa wanayoiamini wengi, walikuta wameingiza virusi. Hawakupita vichochoroni. Wahalifu waliteka akaunti za baadhi ya watengenezaji wa modi, wakapandisha faili zenye sumu kwa majina yaliyozoeleka. Virusi hivyo vilipewa jina fractureiser, na vilishambulia Windows na Linux.

Karatasi hii inahusu toleo la Java la mchezo huo, ambamo modi huja kama faili ya .jar. Wengi hudhani ndani yake mna picha na sauti tu. Hapana: ni programu kamili. Mchezo ukiifungua, inaweza kufanya lolote ambalo akaunti iliyo wazi inaruhusiwa kufanya, iwe ni kusoma mafaili, kutuma kitu mtandaoni au kupakua programu nyingine. Mchezo wenyewe hauizuii.

Fractureiser ilifanya hayo yote. Iliiba manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, kisha ikajipachika kwenye kila faili ya .jar iliyoikuta katika kompyuta, hata zisizohusu mchezo. Kwenye Windows ilijificha kwa jina libWebGL64.jar ndani ya folda iitwayo "Microsoft Edge". Folda halali ya kivinjari cha Edge ni "Edge", nayo huwa ndani ya folda nyingine iitwayo "Microsoft". Tofauti ni ndogo kiasi kwamba jicho la haraka huipita.

Sasa fikirini kompyuta ya klabu, ambapo wanafunzi wote huingia kwa akaunti moja. Mmoja ameacha barua pepe wazi, mwingine amehifadhi nenosiri. Modi moja mbaya inawachukua wote. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni akaunti ya pekee kwa ajili ya michezo yenye modi, na isiwe na mamlaka ya msimamizi. Humo hakuna kufungua barua pepe wala kuhifadhi nenosiri, na mchezo uingiwe kwa akaunti ya klabu, si ya mwanafunzi. Kunyima mamlaka peke yake hakutoshi, kwa sababu fractureiser ilijificha kwenye folda za mtumiaji wa kawaida. Kinga kubwa ni kwamba akaunti hiyo haina siri ya mwanafunzi ya kuibwa.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi anataka Sodium, modi inayosaidia mchezo kwenda kwa wepesi kwenye kompyuta dhaifu. Asiandike jina kwenye kitafutio na kubofya jibu la kwanza, maana kuna tovuti zinazochapisha upya modi za watu. Afungue ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe kwenye Modrinth au CurseForge, achague faili inayolingana na toleo la mchezo na kipakiaji chake, kama vile Fabric. Akishapakua, aiweke Windows ionyeshe viishio vya majina. Faili inayoonekana kuwa sodium.jar inaweza kuwa sodium.jar.exe. Hiyo ifutwe bila kufunguliwa.

Toleo lililotoka leo lisisakinishwe leo. Acheni wiki mbili zipite ili wengine walijaribu kwanza. Kungoja hakumalizi hatari, kwani baadhi ya faili za mwaka 2023 zilikaa wiki kadhaa kabla ya kugunduliwa, lakini kunapunguza.

Mlezi wa klabu akishaweka modi kwenye folda ya mods, afungue PowerShell humo na kuandika:

```
Get-FileHash *.jar | Export-Csv alama.csv
```

Amri hii huipa kila faili alama ya herufi na tarakimu 64, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Yakibadilika hata kidogo, alama inakuwa nyingine kabisa. Orodha hiyo ihamishiwe kwenye flashi anayokaa nayo mlezi, si kwenye kompyuta ile ile, ambako virusi vinaweza kuichezea.

Msiitarajie alama kuwaambia kama modi ni safi siku ya kwanza. Faili yenye sumu nayo ina alama yake, na italingana na ile iliyo kwenye tovuti. Kazi yake huanza baadaye. Kila wiki pigeni alama upya na kuzilinganisha na orodha ya mlezi. Modi ambayo hakuna aliyeigusa haina sababu ya kubadilika, na virusi vinavyojipachika kwenye mafaili, kama fractureiser, vitaonekana hapo hata programu ya kuzuia virusi ikiwa kimya.

Ukikuta alama imebadilika na hakuna aliyesasisha modi, chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi, usichomeke flashi yako, umwite mlezi. Kufuta modi hiyo peke yake hakusaidii, kwa kuwa kilichojificha kwingine kitabaki. Na kama uliwahi kuandika nenosiri lako kwenye kompyuta hiyo, libadilishe siku hiyo hiyo, ukitumia kompyuta nyingine.