Sahani ngapi kabla ya kukopa?

Chukua banda la chipsi mayai Dar es Salaam, lenye fremu ya kupanga, kabati la kioo, jiko la mkaa na msaidizi mmoja. Mwenye banda anataka kukopa shilingi milioni 3. Afisa mikopo atamuuliza dhamana na wadhamini, lakini kabla ya hayo kuna swali anapaswa kujiuliza mwenyewe: auze sahani ngapi kwa mwezi ili asipate hasara, hata kama hapati faida? Idadi hiyo ndiyo kiwango cha kurudisha gharama. Chini yake unakula mtaji, na faida huanzia juu yake.

Kuipata si kazi ngumu, ila lazima gharama zitenganishwe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile zinazolipwa hata siku ambayo hakuna aliyekula. Kwa bei za mfano, tuseme kodi ni 150,000 kwa mwezi, msaidizi 180,000, na umeme, maji, ulinzi na ushuru 70,000. Mwenye banda naye ana familia, kwa hiyo tunamwandikia mshahara wa 200,000. Wengi huuacha mshahara huu, kisha hujichotea kwenye droo na kushangaa hela imekwenda wapi. Jumla ni 600,000. Mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, igawe kwa sita ndipo uiingize hapa.

Fungu la pili huandamana na kila sahani: mayai mawili 650, viazi 450, mafuta 300, mkaa 150, kachumbari na tomato 150, kifungashio 100. Jumla 1,800. Hesabu ya viazi ndiyo huwapotosha wengi, kwa sababu gunia lina viazi vibovu na maganda hupunguza uzito. Njia ya uhakika ni kununua gunia moja, kuhesabu sahani zote zilizotoka humo hadi kiazi cha mwisho, kisha kugawa bei ya gunia kwa idadi hiyo.

Sahani ikiuzwa 3,000, toa 1,800, zinabaki 1,200. Hizo 1,200 si faida bado. Kazi yake ya kwanza ni kulipa lile fungu la 600,000. Gawa 600,000 kwa 1,200, unapata sahani 500 kwa mwezi. Kwa siku 26 za kazi, ni kama sahani 20 kila siku.

Sasa lete mkopo. Tuseme milioni 3 zinarudishwa kwa miezi 12, kila mwezi 300,000, riba ikiwa ndani yake. Mhasibu atakwambia kwamba riba peke yake ndiyo gharama, kwa kuwa mtaji uliokopa ni deni unalopunguza. Ni kweli kwenye vitabu, lakini siku ya rejesho hutoka fedha taslimu, kwa hiyo mkopaji ahesabu rejesho zima. Fungu la kwanza linakuwa 900,000, na sahani zinapanda hadi 750, yaani 29 kwa siku. Hata mkopo huo ungekuwa hauna riba, rejesho lingekuwa 250,000 na sahani 28 kwa siku. Riba imeongeza sahani moja tu. Mzigo mkubwa uko kwenye mtaji wenyewe na ufupi wa miezi.

Halafu fikiria viazi na mayai vimepanda, sahani inagharimu 2,100 badala ya 1,800, na wateja hawakubali bei mpya. Kinachobaki ni 900. Gawa 900,000 kwa 900, unahitaji sahani 1,000, karibu 39 kwa siku. Ukipunguza bei kwa shilingi 300 ili kumshinda jirani, matokeo ni yale yale. Shilingi 300 tu zimedai theluthi nzima ya sahani zaidi, na rejesho halikupungua hata senti.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, andika mauzo ya kila siku kwenye daftari kwa mwezi mzima, siku za mvua zikiwemo. Sahani zilizokopwa na wateja usizihesabu mpaka zilipwe. Kisha tazama mkopo unanunua nini. Kama wateja huondoka kwa sababu jiko moja halitoshi, jiko la pili litaleta sahani mpya. Kama jiko linakaa bila kazi tangu saa 2 usiku, la pili litaongeza deni tu.

Kwa hesabu hii, banda linalouza sahani 25 kwa siku lisichukue milioni 3 kwa mwaka mmoja. Nusu yake, kwa rejesho la 150,000, inahitaji sahani 625 kwa mwezi, na hizo tayari linaziuza. Omba hiyo nusu, au omba miezi zaidi. Ukinyimwa vyote viwili, usisaini.