Kabla ya Kuhamisha Nchi ya Play Store

Mtu akihama Mombasa kwenda kufanya kazi Dubai, simu anaenda nayo, lakini akaunti yake ya Play Store hubaki Kenya. Bei anaziona bado kwa shilingi, na apu ya benki aliyojiunga nayo huko huenda asiipate hata akiitafuta kwa jina. Wengi hapo hapo hukimbilia kubadili nchi. Ningewaomba wasubiri kidogo, kwa sababu ukishabadili, huwezi kubadili tena mpaka mwaka upite.

Chukua mfano wa dada mwenye salio la shilingi 850 kwenye Play Store, na usajili wa muziki anaoulipia kila mwezi kwa M-Pesa. Anagusa picha yake juu kulia, anaingia Settings, kisha General, halafu Account and device preferences, na chini yake anakuta Country and profiles. Falme za Kiarabu itatokea hapo akiwa yuko huko kweli, na ataombwa kadi au njia nyingine ya malipo ya huko. Kadi ya Nairobi haitamvusha. Akikubali, duka linaweza kuchukua hadi saa 48 kugeuka.

Zile shilingi 850 hazigeuzwi kuwa dirham. Hazipotei, ila zinabaki upande wa Kenya, na hawezi kuzitumia mpaka akaunti irudishwe huko. Kadi ya zawadi aliyonunuliwa nyumbani nayo haitakubalika. Basi salio alitumie kwanza, hata kwa kulipia mwezi wa muziki.

Usajili ndio unaosumbua zaidi. Ile M-Pesa ni njia ya malipo ya Kenya, na malipo yakikwama, huduma husimamishwa na mwishowe kufutwa. Ni afadhali aufute mwenyewe mapema, aendelee kusikiliza hadi siku alizolipia ziishe, kisha ajisajili upya kwa dirham. Aangalie bei mpya kabla ya kukubali, maana kampuni nyingi hupanga bei kwa kila nchi. Na apu, filamu au kitabu alichonunua Kenya, kama hakiuzwi huko, anaweza kukikosa.

Wenye aifoni hukutana na haya mapema zaidi: Apple haimruhusu mtu kuhama mpaka salio liishe na usajili ufutwe na kufikia mwisho wake. Ni usumbufu, lakini angalau unajua unachoacha.

Kwa mwenye mkataba wa miezi michache, mimi nisingegusa nchi kabisa. Simu ya Android hubeba akaunti mbili bila tatizo. Fungua ya pili ukiwa Dubai, iwekee njia ya malipo ya huko, na upakue apu ya benki kupitia hiyo. Ya kwanza iache Kenya, pamoja na salio lake, mradi laini ya M-Pesa iendelee kuwa hewani.