Biriani Moja, Hesabu Mbili

Mume na mke wameagiza biriani ya kuku ya kula pamoja. Mke ana kisukari na anajidunga insulini kabla ya mlo, kwa hiyo anahesabu wanga. Mume anabeba vyuma, naye anahesabu protini. Kila mmoja ana simu yenye programu ya kuandikia alichokula, na katikati ya meza kuna mizani ndogo ya jikoni waliyokuja nayo. Wakipima sahani zao wanakuta mke amepakua gramu 520 na mume 780, jumla gramu 1,300. Njia inayowajia haraka ni kugawanya mlo wote kwa asilimia: mke 40, mume 60. Hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Asilimia ya uzito husema kweli pale tu kila kijiko kinapofanana na kingine. Uji ni hivyo, na maharage yaliyokorogwa vizuri yanakaribia. Biriani ya Pwani haiko hivyo. Wali hupikwa peke yake, rojo na nyama peke yake, na mlaji ndiye anayevikutanisha. Wanga karibu wote uko kwenye wali, protini nyingi iko kwenye kuku, na mafuta mengi yako kwenye rojo. Watu wawili wanaweza kuwa na sahani zenye uzito uleule na wakala vitu tofauti kabisa.

Tuzifungue sahani zao. Mke amechukua wali gramu 180, rojo 120 na vipande vya kuku vya gramu 220. Mume amechukua wali 420, rojo 180 na kuku 180. Tukadirie kwamba gramu 100 za wali huo uliopikwa kwa mafuta zina wanga gramu 26 hivi. Wali wote, gramu 600, una wanga 156. Kwa asilimia 40 mke angeandika 62, lakini gramu 180 alizokula zina 47. Pengo ni gramu 15, kiasi ambacho wanaohesabu wanga hukichukua kama fungu moja zima la chakula. Akipima insulini kwa 62 ilhali amekula 47, sukari yake inaweza kushuka mno.

Kwa kuku kuna jambo jingine, nalo ni mifupa. Kila mmoja aweke mifupa yake kando, na mwisho wa mlo ipimwe. Hapa kila mmoja amebakiza gramu 60, kwa hiyo mke amekula nyama 160 na mume 120. Nyama ya kuku iliyopikwa ina protini gramu 27 hivi kwa kila 100. Mke amepata 43, mume 32. Kwa asilimia 60 mume angejiandikia 45, protini ambayo hakuila.

Kupima hakuhitaji kusumbua meza. Weka bakuli la wali juu ya mizani, bonyeza TARE isome 0, kisha mke achote. Mizani itaonyesha -180: alama ya kutoa inamaanisha gramu zilizotoka. Andika, bonyeza TARE tena, mume achote. Fanya hivyo kwa rojo, kisha kwa kuku. Sinia ikiwa pana hata ikafunika kioo cha mizani, pima sahani ya mlaji badala yake na urudishe sifuri kila kitu kipya kinapoingia. Kilichobaki sahanini nacho kipimwe na kitolewe kwenye hesabu ya aliyekibakiza.

Kosa linalopotosha zaidi hutokea kwenye simu. Wali mbichi na wali uliopikwa huandikwa mahali tofauti: mchele mkavu una wanga karibu gramu 80 kwa kila 100, wali mweupe uliochemshwa una 28 hivi. Ukiona namba iliyo karibu na 80, umechagua mchele, na hesabu yako itakuwa karibu mara tatu ya ulichokula.

Pilau ni rahisi zaidi, kwa kuwa wali na viungo vimekwisha changanyika sufuriani. Toa vipande vya nyama uvipime peke yake; wali uliobaki unaweza kugawanywa kwa uzito bila wasiwasi.

Mafuta ndiyo yasiyokubali kupimwa mezani. Mizani inajua rojo lako lina gramu 120, haijui mpishi alimimina vijiko vingapi, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina gramu 14 hivi, sawa na kalori zaidi ya 120. Isitoshe, mafuta huelea. Anayechota wa kwanza juu juu huyachukua, anayefuata hupata nyanya na vitunguu. Koroga bakuli hadi chini kabla mtu yeyote hajachota. Hata ukikosea makadirio ya mafuta yote, angalau kosa litagawanyika kati yenu kwa kadiri ya rojo alilokula kila mmoja.