Uzito mmoja, miili miwili

Wavulana wawili wamezaliwa usiku mmoja kwenye wodi moja, wote wakiwa na wiki 39 za mimba. Mizani inasema gramu 2,500 kwa kila mmoja. Kwa kipimo cha zamani wote wamepona, maana mtoto huhesabiwa kuwa na uzito pungufu akiwa chini ya kiwango hicho. Lakini mmoja ni mfupi, mapaja yamejaa. Mwenzake ni mrefu, ngozi ya matakoni imelegea na kufanya makunyanzi, na kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili.

Hatua ya kwanza ni kuulinganisha uzito na umri wa mimba. Hapo ndipo penye kazi ya pasentaili: wapange wavulana mia wa umri huohuo wa mimba, kuanzia mwepesi hadi mzito, kisha uone mtoto wako anasimama wapi. Akiwa chini ya mstari wa 10, yaani miongoni mwa kumi wepesi zaidi, anaitwa mdogo kwa umri wake wa mimba. Gramu 2,500 kwa mvulana wa wiki 35 ni uzito wa katikati tu. Kwa wiki 39 ziko chini ya mstari wa 10. Chati zinazotumika sana leo ni za mradi wa INTERGROWTH-21st, zilizochapishwa 2014 baada ya kupima watoto wa akina mama wenye afya na lishe njema katika miji minane, Nairobi na Muscat ikiwemo. Wavulana wana chati yao, wasichana yao.

Basi wavulana wetu wote ni wadogo. Chati ya uzito inaishia hapo, kwa sababu haijui urefu.

Fahirisi ya ponderali ndiyo inayouingiza urefu. Daktari Mswisi Fritz Rohrer aliieleza mwaka 1921: chukua uzito kwa gramu, uzidishe kwa 100, ugawanye kwa urefu wa sentimita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu. Mara tatu ni kwa sababu mwili una urefu, upana na kina. Ukikua huku umbo likibaki lilelile, vyote vitatu huongezeka pamoja.

Mvulana mfupi ana sentimita 46. Hesabu yake ni 250,000 kugawanya kwa 97,336, inatoka 2.57. Mrefu ana sentimita 50, hivyo 250,000 kugawanya kwa 125,000, inatoka 2.0. Watoto wengi waliotimiza miezi huangukia kati ya 2.3 na 2.9 hivi. Wa pili amekonda.

Kukonda huku kuna historia yake. Mifupa yake ilirefuka vizuri, ila katika wiki za mwisho, ambapo mtoto hujaza mafuta chini ya ngozi na akiba ya sukari kwenye ini, kondo la nyuma halikufikisha chakula cha kutosha. Mwili ukaulinda ubongo na kuacha mengine. Ndiyo maana wauguzi humpima sukari ya damu mara kwa mara saa za mwanzo, humweka kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, na humnyonyesha mapema: akiba ya kumvusha hana. Mwenzake mfupi huenda amerithi udogo kwa wazazi, lakini pia huenda ukuaji ulibanwa tangu mimba changa, kwa maambukizi au hitilafu ya kromosomu. Fahirisi ya 2.57 haimwondolei shaka hiyo.

Kuna na wa tatu, ambaye hupita bila kushtukiwa. Ana gramu 3,000, yuko juu ya mstari wa 10, na kila mtu anaipongeza familia. Urefu wake ni sentimita 52, fahirisi yake 2.13. Huyu naye alikosa chakula mwishoni. Uzito wake mzuri ndio unaomficha, na kwa huyu ndipo fahirisi inapostahili kazi ya kuihesabu.

Tatizo ni urefu wenyewe. Mtoto mchanga hukunja miguu, na futikamba iliyolazwa ubavuni hukosea kwa urahisi. Mvulana wetu wa sentimita 50 akiandikwa 48, fahirisi yake inapanda kutoka 2.0 hadi 2.26, na hatari inaonekana nusu ya ilivyo. Kosa la urefu huzidishwa mara tatu. La uzito halizidishwi. Kipimo cha kuaminika kinataka ubao wa kupimia na watu wawili: mmoja anashika kichwa kiguse ubao wa juu, macho yakitazama dari, mwingine ananyoosha magoti taratibu na kusogeza kibao hadi kwenye nyayo. Kisha wanarudia, na wakitofautiana zaidi ya nusu sentimita, wanaanza upya. Kichwa kilichorefushwa na njia ya uzazi nacho huongeza sentimita za uongo, kwa hiyo mtoto wa namna hiyo hupimwa tena siku inayofuata, kikiwa kimerudi katika umbo lake.