Kisanduku Kinachokataa Kubandikwa

Mtu ana nenosiri lenye herufi 20 zisizounda neno lolote. Simu yake ndiyo iliyolitunga na ndiyo inayolitunza. Anaketi kwenye kompyuta, anafungua tovuti ya huduma fulani, analinakili nenosiri, anabonyeza Ctrl na V, na kisanduku kinabaki kitupu. Anajaribu kwa kipanya, bado. Hapo wengine huchapa herufi moja moja na kukosea mara mbili tatu. Wengine huenda kubadilisha nenosiri na kuweka fupi wanaloweza kulichapa bila kuangalia, mara nyingi lile lile wanalotumia kwingine. Hili la pili ndilo hasara kubwa, kwa kuwa zuio lililowekwa kwa jina la usalama limezaa nenosiri jepesi kuliko lile lililokataliwa.

Ili kujua kama zuio hilo lina maana, inafaa kuona limetengenezwaje. Mtumiaji anapobandika kitu kwenye ukurasa, kivinjari hutoa taarifa kwanza, kisha ndipo kinaweka maandishi. Taarifa hiyo inaitwa `paste`. Ukurasa unaweza kuisikiliza na kukiambia kivinjari kiache. Mara nyingi kazi yote hufanywa na maneno machache tu ndani ya fomu:

```
<input type="password" onpaste="return false">
```

Hakuna kingine. Seva ya tovuti, kule mbali, haijui kama herufi zilichapwa, zilibandikwa au zilijazwa na programu. Yenyewe hupokea maandishi tu. Zuio linaishi ndani ya kivinjari cha mtumiaji, na linamgusa yule tu anayeufungua ukurasa na kuketi mbele yake.

Mwezi Mei 2014 kampuni ya gesi ya Uingereza, British Gas, iliulizwa na mteja kwenye Twitter kwa nini inazuia kubandika. Jibu lililotoka kwenye akaunti ya kampuni lilikuwa kwamba kuruhusu jambo hilo kungewapotezea cheti chao cha usalama, na kungefungua mlango kwa wanaobahatisha nenosiri kwa mfululizo. Mtaalamu wa usalama Troy Hunt aliandika makala ndefu mwezi huo huo kuonyesha kwamba hoja hiyo haisimami. Anayebahatisha manenosiri hafungui ukurasa na kubandika moja baada ya jingine. Huandika programu inayotuma majaribio moja kwa moja kwenye seva, na programu hiyo haiioni kabisa ile `onpaste`. Kinachomzuia mtu wa namna hiyo ni seva kuhesabu majaribio na kuyasimamisha yakizidi.

Karibu miaka mitatu baadaye, Januari 2017, Kituo cha Taifa cha Usalama wa Mtandao cha Uingereza kiliwataka wenye tovuti waache watu wabandike manenosiri. Watumishi wake walisema wametafuta desturi hiyo ilitoka wapi na hawakupata utafiti wala kanuni iliyoiagiza. Katikati ya mwaka huo huo taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliweka katika mwongozo wake wa utambulisho kwamba tovuti zinapaswa kuruhusu kubandika nenosiri. Bado fomu nyingi zinaendelea na mtindo wa zamani, kwa sababu fomu hunakiliwa kutoka mradi mmoja hadi mwingine na msimbo wake wote, na mkaguzi wa usalama mwenye orodha ya zamani mkononi huuliza iwapo kubandika kumezuiwa.

Ipo hoja moja ya wenye tovuti inayostahili kusikilizwa kwa makini: kilichonakiliwa hukaa kwenye ubao wa kunakili, na programu mbaya inaweza kukisoma. Hilo ni kweli. Februari 2019 kampuni ya ESET ilitangaza kwamba imekuta kwenye duka la Google Play programu iliyojifanya MetaMask, ambayo pamoja na kuiba siri za pochi, ilikuwa ikibadilisha anwani za sarafu za kidijitali zilizonakiliwa na kuweka za mwizi. Lakini kompyuta yenye programu ya namna hiyo huweza pia kuwa na inayonasa kila kitufe kinachobonyezwa, na hapo kuchapa hakumwokoi mtu. Tangu Android 10, programu isiyo mbele ya mtumiaji hairuhusiwi kusoma ubao wa kunakili, isipokuwa kibodi anayoitumia. Tahadhari kubwa zaidi ni kwenye kompyuta ya watu wengi, kama ya mgahawa wa intaneti au ya ofisi. Windows ikiwa imewashiwa historia ya ubao wa kunakili, yeyote anayebonyeza kitufe cha Windows pamoja na V huona orodha ya vilivyonakiliwa, nenosiri likiwemo. Kabla ya kuondoka kwenye kompyuta hiyo, orodha ifunguliwe na ifutwe.

Kwenye namba ya akaunti anayotumiwa fedha, mambo ni tofauti. Fomu huomba namba iandikwe mara mbili na kisanduku cha pili hukataa kubandikwa, ili mtu asinakili kosa la kwanza na kulirudia. Hapo zuio lina akili ndani yake: kosa la tarakimu moja linaweza kupeleka fedha kwa mwingine, na aliyechapa mara mbili huligundua. Udhaifu wake ni kwamba linamwadhibu hata yule aliyenakili namba kamili kutoka kwenye ujumbe wa anayelipwa, likimlazimisha achape kitu ambacho tayari kilikuwa sahihi. Mfumo unaoonyesha jina la mwenye akaunti kabla ya kuthibitisha malipo humsaidia mtu zaidi. Pale ambapo jina halionyeshwi, ni busara kulitii zuio hili na kuchapa ukisoma namba kutoka kwenye chanzo chake.

Kwa nenosiri, njia ya kutoka huanza kwa kuhakikisha kwamba kweli kuna zuio. Mara nyingi halipo. Namba ya uthibitisho iliyokuja kwa ujumbe mfupi ikiandikwa "482 913" na ikanakiliwa na nafasi yake ya katikati, kisanduku chenye kikomo cha herufi 6 hupokea "482 91" na kuitupa tarakimu ya mwisho. Mtumiaji huona namba imekataliwa, kumbe imekatwa. Nenosiri nalo hukatwa hivyo hivyo, na hapo pana mtego mbaya zaidi. Tuseme ukurasa wa kujiandikisha una kikomo cha herufi 16. Mtu anabandika nenosiri la herufi 20, ukurasa unachukua 16 za mwanzo bila kusema neno, nukta zinaonekana kisandukuni na akaunti inafunguka. Kesho yake ukurasa wa kuingia hauna kikomo hicho, unapokea zote 20, na mlango hautafunguka. Dawa ni kubonyeza alama ya jicho iliyo pembeni mwa kisanduku na kusoma mwisho wa nenosiri kabla ya kutuma. Pasipo na jicho, zihesabiwe nukta.

Nukta zikikataa kutokea kabisa, hapo kuna zuio, na njia ya kwanza ya kujaribu ni kuacha kubandika na kumwachia kidhibiti cha manenosiri kazi hiyo. Vivinjari vyote vikubwa vina kidhibiti chao, na simu za Android na iPhone zinavyo pia. Kidhibiti kinapojaza kisanduku hakipiti kwenye ubao wa kunakili, kwa hiyo ile taarifa ya `paste` haitolewi na zuio halina cha kuzuia. Kuna faida ya pili ambayo watu hawaioni upesi. Kidhibiti huangalia anwani ya tovuti kabla ya kujaza, na kwenye tovuti ya kitapeli iliyobadilisha herufi moja ya anwani ya benki, hakitajaza. Macho ya mtu aliyechoka hulipita kosa hilo.

Kwenye simu, kibodi yenyewe huweza kusaidia. Gboard huonyesha kilichonakiliwa hivi karibuni juu ya herufi zake, na ukikigusa hapo, mara nyingi huingia kana kwamba kimechapwa, hata pale ambapo kugusa "Bandika" kwenye menyu hakufanyi kitu. Kwenye kompyuta, baadhi ya tovuti zimezuia Ctrl na V peke yake, na kubofya kulia kisha kuchagua kubandika hufanya kazi. Menyu ya kubofya kulia nayo ikiwa imefungwa, kwenye Firefox kushikilia Shift wakati wa kubofya huifungua. Njia nyingine ni kuyaweka alama maandishi na kuyaburuta kwa kipanya hadi kisandukuni, kwani kuburuta hutoa taarifa nyingine ambayo wengi wa waliozuia kubandika hawakuikumbuka.

Haya yote yakishindikana, watumiaji wa Firefox wanaweza kufungua `about:config`, kutafuta `dom.event.clipboardevents.enabled` na kuiweka `false`. Kuanzia hapo kurasa haziambiwi tena kwamba mtu amebandika. Gharama yake ni kwamba tovuti za kuandikia nyaraka, kama Google Docs, huitegemea taarifa hiyo na zitaanza kusumbua, kwa hiyo mpangilio urudishwe `true` baada ya kazi. Kwenye vivinjari vingine vingi vya kompyuta, mtu huweza kubonyeza F12, kufungua sehemu iitwayo Console na kuandika mstari huu:

```
window.addEventListener('paste', e => e.stopImmediatePropagation(), true);
```

Mstari huo huinasa taarifa kabla haijafika kwenye kisanduku, nao hudumu mpaka ukurasa upakiwe upya. Chrome na Firefox huonya kabla ya kuruhusu msimbo kubandikwa kwenye Console, na onyo hilo ni la haki: matapeli huwashawishi watu waweke humo msimbo wasioufahamu, kisha huchukua akaunti zao. Mstari uliotumwa na mgeni kwenye WhatsApp haupaswi kuwekwa humo hata kidogo. Nenosiri lenyewe pia lisiandikwe hapo, kwa kuwa Console hukumbuka kilichoandikwa.

Kuna tovuti ambazo hata haya hayatazisaidia. Zile zinazotumia kibodi ya kuchorwa kwenye kioo, ambapo tarakimu hubofywa kwa kipanya na kubadilisha nafasi kila mara, hazina kisanduku cha kawaida cha kubandikia. Hapo mtu atabofya, na nenosiri la tovuti hiyo moja litabidi liwe analoweza kulikumbuka, lakini lisitumike kwingine kokote.

Kinachobaki ni kumwandikia mwenye tovuti, na barua nzuri huwa fupi. Itaje ukurasa na kisanduku, iseme kwamba `onpaste` iondolewe, na itaje WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa Oktoba 2023 kuhusu tovuti kufikiwa na watu wote. Kipengele chake cha 3.3.8 kinataka mtu asilazimishwe kukumbuka nenosiri ili aingie pasipo msaada wowote, na kinataja kubandika na vidhibiti vya manenosiri kuwa misaada inayokubalika. Mtu mwenye mikono inayotetemeka, asiyeona vizuri au anayechanganya mpangilio wa herufi hawezi kuchapa herufi 20 zilizofichwa nyuma ya nukta. Kwa fundi wa tovuti, kazi yote ni kufuta maneno machache kwenye fomu.