Kozi Zinapozibiana Njia

Katika shahada nyingi za kompyuta, mwanafunzi haruhusiwi kusoma kozi ya Algoriti kabla ya kufaulu Miundo ya Data, na Miundo ya Data nayo haisomwi bila Utangulizi wa Programu. Masharti haya yakichorwa kwa mishale, kila mshale ukitoka kwenye kozi ya kutangulia kwenda kwenye inayofuata, inapatikana grafu elekezi. Ndiyo maana wanafunzi wa programu hupewa zoezi hili mara kwa mara: andika programu itakayopanga kozi zote ziweze kusomwa kwa zamu, au iseme wazi kwamba haiwezekani.

Njia iliyo rahisi kufuata kwa mkono ilichapishwa na Arthur Kahn mwaka 1962. Kila kozi huandikiwa deni lake, yaani idadi ya kozi za kutangulia ambazo bado hazijasomwa. Isiyo na deni huingia kwenye foleni. Ikitolewa kwenye foleni inaandikwa kwenye orodha ya majibu, kisha kila kozi iliyokuwa ikiisubiri hupunguziwa deni moja. Deni likifika sifuri, kozi hiyo nayo inajiunga na foleni.

Tuchukue kozi saba. Hisabati na Programu hazidaiwi chochote. Takwimu inataka Hisabati. Miundo ya Data inataka Programu. Hifadhidata inataka Miundo ya Data. Algoriti ina madeni mawili, Hisabati na Miundo ya Data. Ujifunzaji wa Mashine pia ina mawili, Takwimu na Algoriti. Hisabati ikitoka, Takwimu inabaki na sifuri na Algoriti inabaki na moja. Programu inaifungulia Miundo ya Data. Takwimu ikitoka inaipunguzia Ujifunzaji wa Mashine deni moja. Miundo ya Data inazifungulia Algoriti na Hifadhidata kwa mpigo, na Algoriti ndiyo inayomaliza deni la Ujifunzaji wa Mashine. Zote saba zimeingia kwenye orodha. Huo si mpangilio pekee ulio sahihi: ungeanza na Programu badala ya Hisabati, bado hakuna sharti ambalo lingevunjwa.

Sasa tuseme aliyeingiza masharti amekosea, akaandika kwamba Miundo ya Data nayo inahitaji Algoriti. Hisabati, Programu na Takwimu zinatoka kama mwanzo, halafu foleni inakauka. Miundo ya Data imebaki na deni moja, Algoriti moja. Majibu yana kozi tatu badala ya saba, na hiyo ndiyo dalili ya uhakika: orodha ikiwa pungufu, kuna mzunguko.

Hapa wengi hukosea. Zimebaki kozi nne, na mwanafunzi anachapa zote nne akidai kwamba ndizo mzunguko. Sivyo. Hifadhidata na Ujifunzaji wa Mashine hazina kosa lolote. Zimekwama kwa sababu zinasubiri kozi zilizokwama. Mzunguko wenyewe una kozi mbili tu. Mkuu wa idara akipewa majina manne atapoteza muda akikagua masharti yasiyo na tatizo.

Ili kuupata, chagua kozi yoyote iliyobaki, kisha rudi nyuma kwenye mojawapo ya kozi inazozisubiri ambayo nayo imebaki. Kutoka Ujifunzaji wa Mashine unafika Algoriti. Kutoka Algoriti unafika Miundo ya Data. Kutoka hapo unarudi Algoriti, ambayo umeshaipita. Kipande kilichojirudia, Algoriti na Miundo ya Data, ndicho mzunguko. Safari hii haiwezi kukwama njiani, kwa kuwa kila kozi iliyobaki bado ina deni, na deni hilo lazima liwe la kozi nyingine iliyobaki, au la kozi hiyohiyo endapo imejiwekea sharti yenyewe. Kwa kuwa kozi zina idadi maalumu, mwishowe utaikanyaga uliyokwishaikanyaga. Ukienda mbele badala ya nyuma hali ni tofauti: Ujifunzaji wa Mashine haina kozi inayoifuata, na unaishia hapo mikono mitupu.

Kosa jingine hujificha zaidi. Data za zoezi mara nyingi huja jozi jozi, kozi kwanza, sharti lake baadaye. Ukizisoma kinyume, mishale yote inageuka, lakini mzunguko hubaki mzunguko hata ukigeuzwa. Kwa hiyo majaribio ya kugundua mzunguko yatapita yote, huku programu ikimpangia mwanafunzi aanze na Ujifunzaji wa Mashine na amalizie na Programu. Dawa ni kujaribu kwa jozi moja tu na kutazama ipi imetangulia.

Na kuna sharti ambalo mishale hii haiwezi kulibeba: “Hisabati au Takwimu, mojawapo inatosha.” Hesabu ya madeni inadai zote mbili. Palipo na “au”, inabidi kila kundi la kozi mbadala lihesabiwe kama deni moja, linalofutwa mara ya kwanza tu kozi yoyote ya kundi hilo inapotoka kwenye foleni.